Mashine Haikujifunza Yenyewe

Siku hizi ukipanda Hiace ya kutoka Arusha mjini kuja Kikatiti, kabla hujafika Usa River utakuwa umeshamsikia mtu akisema kwamba hizi kompyuta zinazopokea simu za wateja zimejifunza zenyewe. Anayesema hutikisa kichwa, wenzake huguna, kisha maongezi yanahamia kwenye bei ya mahindi. Mimi nimechoka kunyamaza. Mashine ninayoijua mimi ilifundishwa na binti wa dada yangu kwa miezi mitano. Mwezi wa sita akaachishwa kazi.

Alikuwa mhudumu wa kolsenta katika kampuni ya huduma za fedha kwa simu, ambayo sitaitaja. Alivaa hedifoni miaka minne, zamu za mchana na za usiku. Siku moja msimamizi akawahamishia watu sita kwenye chumba kingine, akawaambia huo ni mradi wa kuboresha huduma. Kazi yao ikawa kusikiliza simu zilizorekodiwa, kusoma maandishi ambayo mfumo umeyatoa kwenye sauti ile, kusahihisha ulipokosea, halafu kuipa kila simu lebo ya shida ya mteja: anauliza salio, laini yake imefungwa, au hela yake imekwenda kwa mtu mwingine. Simu kama arobaini kwa siku, kwa mshahara uleule.

Natamani wale wa kwenye Hiace wangekaa naye hata nusu saa. Katika simu mojawapo mama mmoja alilalamika kwamba hela aliyoituma saa mbili asubuhi haijafika. Mfumo uliyasikia maneno vizuri, ukayaandika bila kosa hata la herufi moja, halafu ukaenda kutafuta muamala wa 02:00, ambayo kwetu ni saa nane usiku watu wamelala. Haukuuona. Jibu lililotoka ni kwamba muamala huo haupo. Mtoto yeyote wa shule hapa Kikatiti asingekosea hapo, lakini mashine haikuzaliwa mahali ambapo siku inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ilibidi binti yetu aandike kwa mkono wake, simu baada ya simu, kwamba saa mbili asubuhi ni 08:00 na saa mbili usiku ni 20:00, na kwamba mteja asipotaja asubuhi wala usiku, aulizwe kwanza.

Kosa lililomsumbua zaidi lilikuwa la silabi mbili tu. Mtu anapiga akiwa sokoni, makelele kila upande, anasema, "Nimetumiwa hela kimakosa." Mfumo unaandika "nimetuma." Aliyetumiwa ni mwaminifu anayetaka kurudisha cha watu, aliyetuma ndiye aliyepoteza. Ukiwachanganya, unamfungulia madai mtu ambaye hela iko mikononi mwake, na mwenye hela anabaki analia. Sikio la miaka minne lilikuwa na njia yake ya kuwatofautisha hata neno lenyewe lilipomezwa na kelele. Aliniambia kwamba aliyepoteza hutaja kiasi kwanza, tena kwa haraka, wakati aliyetumiwa huanza na ile namba asiyoijua. Hilo halimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Alilikusanya kwa kutukanwa na kushukuriwa na maelfu ya watu, akalimwaga lote kwenye kisanduku cha maelezo pembeni ya lebo. Huko ndiko kujifunza kwa mashine kunakosifiwa.

Wala si jambo la kampuni moja. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walivyosoma na kuwekea lebo maandishi machafu kupindukia ili mfumo wa OpenAI ujue kuyakwepa, kwa ujira usiofika dola 2 kwa saa. Nao walikuwa walimu. Dunia ikampigia makofi mwanafunzi.

Nisionekane napinga kila kitu. Kwa kuuliza salio, mfumo ni mzuri, hauchoki saa tisa usiku, hauna mtoto mgonjwa nyumbani. Shida ni jinsi unavyopewa maksi. Kwenye kolsenta, simu huhesabiwa kuwa mfumo "umeimaliza" ikiwa mteja hakuunganishwa na mtu. Kwa hesabu hiyo, mteja aliyekata simu kwa hasira ameingia kundi moja na aliyehudumiwa akaridhika. Anayetaka ukweli aangalie namba zilezile zinazopiga tena ndani ya siku moja au mbili. Benki ya Commonwealth ya Australia ilinaswa hapo. Julai 2025 ilitangaza kufuta nafasi 45 za kolsenta kwa maelezo kwamba roboti yake ya sauti imepunguza simu 2,000 kwa wiki. Chama cha wafanyakazi kikabisha: simu zilikuwa zinaongezeka, watu wanapewa saa za ziada, hata viongozi wa timu wanaitwa kupokea. Mwezi uliofuata benki ikakiri kukosea, ikawaomba radhi wafanyakazi hao na kufuta uamuzi wake.

Huku kwetu hakuna aliyeomba radhi. Na hapa ndipo ile kauli ya kwenye Hiace inapogeuka kutoka porojo kuwa hasara. Kama mashine ilijifunza yenyewe, basi hakuna mwalimu, na pasipo mwalimu hakuna ada. Binti yetu aliandikiwa barua ya kupunguzwa kazi kwa sababu za kiteknolojia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazitambua sababu hizo, sikatai. Lakini kifungu chake cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza watu mara tu anapoifikiria, aeleze sababu, na ajadiliane nao njia za kuepuka, nani ataondoka, lini, na kwa malipo gani. Mara tu anapoifikiria! Sasa mtu anayewapanga wahudumu sita chumbani kufundisha kitu cha kupokea simu zao, alikuwa anafikiria nini? Kwa maoni yangu mazungumzo yalipaswa kuanza siku ile viti vilipohamishwa, wakati wale sita bado wana kitu mkononi cha kujadiliana nacho. Yalifanyika mwezi wa sita, kila kitu kikiwa kimeshamwagwa kisandukuni.

Kiinua mgongo nacho, kwa kifungu cha 42, ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Miaka yake minne ikazaa siku 28. Hesabu hiyo inalipia simu alizozipokea. Zile zitakazopokelewa kwa sikio lake kesho na keshokutwa hazimo. Nimeambiwa alikuwa na mshahara, kwa hiyo kila alichofanya ni mali ya mwajiri. Aliajiriwa kupokea simu. Kufundisha ni kazi nyingine, yenye jina lake na bei yake, na chuo kinachomwita mwalimu wa nje kwa wiki moja kinalijua hilo vizuri.

Sasa yuko nyumbani Kikatiti, anamsaidia mama yake dukani. Juzi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi simu yake ikaita. Alikuwa yule msimamizi. Wateja wengi wanasema "hela yangu imelala," na mfumo unawajibu habari za akaunti ya akiba. Je, wanamaanisha nini? Binti akamweleza kwa upole kabisa, huku akimpimia mteja sukari, kwamba ni muamala uliokatwa huku na haujafika kule, na akamtajia namna nyingine tatu ambazo watu hulisema jambo hilohilo.

Alipokata nikamuuliza amelipwa nini. Akanionyesha simu: bando la buku.