Hesabu Alama Zilizopotea Kabla ya Kuhesabu Ulizopata

Karatasi ya Pili ya Kiswahili ikirudishwa baada ya mtihani wa mwigo, watahiniwa wengi hutazama alama iliyoandikwa juu kwa kalamu nyekundu, kisha huulizana, "Umepata ngapi?" Naona swali hilo halimfai mtahiniwa. Aliyepata 52 anajua ana 52, basi. Hajui amebakisha mwendo gani kufika anakotaka, wala mwendo huo umelala katika sehemu ipi ya karatasi. Swali linalofaa ni: "Nimepoteza ngapi, na wapi?"

Karatasi hii ina alama 80 na huandikwa kwa saa mbili na nusu. Ufahamu una alama 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Tuseme lengo lako ni 60. (Liandike lengo kwa alama, si kwa gredi, maana mipaka ya gredi ya KCSE hutangazwi kabla ya mtihani.) Ukilenga 60 kati ya 80, maana yake una ruhusa ya kupoteza alama 20 katika karatasi nzima. Hiyo 20 ndiyo akiba yako, na kila kosa linachota humo.

Sasa mchukue mtahiniwa aliyepata 52. Katika ufahamu alipata 11, ufupisho 9, matumizi ya lugha 26 na isimujamii 6. Akizitazama alama hizi jinsi zilivyo, atajisifu kwa matumizi ya lugha, kwa kuwa 26 ndiyo kubwa kuliko zote. Akiwa mjanja kidogo atapiga asilimia, na ataona kwamba ufupisho na isimujamii zina asilimia 60 kila moja, matumizi ya lugha 65. Basi atafunga safari ya kwenda kusoma isimujamii wiki mbili nzima.

Geuza hesabu. Amepoteza 4 katika ufahamu, 6 katika ufupisho, 14 katika matumizi ya lugha na 4 katika isimujamii. Jumla ni 28. Ruhusa yake ilikuwa 20, kwa hiyo amepita kwa alama 8. Nusu ya alama zote zilizopotea zimo katika sehemu ile ile aliyokuwa akijisifia. Na isimujamii, hata akiijibu bila kosa lolote, itamrudishia 4 tu. Wiki zake mbili, zikizaa matunda yote zinayoweza kuzaa, zitamwacha bado ana upungufu wa alama 4.

Hesabu ya sehemu haitoshi, lakini. Ile 14 ni lazima ipasuliwe swali kwa swali, na karibu na kila swali uandike kwa maneno machache kwa nini alama ilipotea. Mtahiniwa wetu akifanya hivyo anakuta mambo haya: alama 4 zilikwenda katika uchanganuzi wa sentensi kwa matawi, 2 katika usemi wa taarifa, 2 katika matumizi ya kiambishi "ji", na 3 katika maswali mawili ya mwisho ambayo hakuyagusa. Tatu zilizobaki zimetawanyika, moja hapa moja pale, na hizo aziache kwa sasa.

Tazama jinsi sababu zinavyotofautiana. Maswali mawili yaliyoachwa wazi hayahitaji somo lolote la sarufi. Yanahitaji saa. Pengine alikaa mno kwenye ufupisho, akiandika nakala chafu mara tatu.

Uchanganuzi ni jambo jingine. Sentensi ilikuwa ya namna hii: "Mwanafunzi aliyefika mapema alisoma kitabu chake." Hii ni sentensi changamano; kishazi "aliyefika mapema" kimo ndani ya kundi nomino, kikimfafanua mwanafunzi. Mtahiniwa aliona vitenzi viwili akadhani ni sentensi ambatano, akaigawa tangu juu kuwa S1 na S2. Kosa hilo moja la juu liliangusha matawi yote ya chini, hata yale ambayo maneno yake aliyajua vizuri. Dawa yake si kuchora vielelezo 50. Ni kujizoeza kuitambua sentensi, kama ni sahili, ambatano au changamano, kabla ya kuchora mstari wa kwanza.

Katika usemi wa taarifa, aliandika: Amina alisema kwamba atakuja kesho. Alama za usemi aliziondoa, jambo jema, lakini "atakuja" ilipaswa kuwa "angekuja", na "kesho" kuwa "siku iliyofuata". Hapa anayo orodha fupi ya mabadiliko ya kukumbuka, na orodha hiyo inajifunzwa jioni moja.

Zijumlishe sasa: 3 za saa, 3 kati ya 4 za uchanganuzi, na 2 za usemi wa taarifa. Ni 8, na hajatoka nje ya matumizi ya lugha. Hata hivyo nisingemshauri aishie hapo, kwa sababu mtihani ujao utakuja na makosa yake mapya. Apange kurudisha kama 11. Tatu zaidi atazipata katika ufupisho, alikoandika hoja sahihi zikaangukia nje ya idadi ya maneno aliyopewa.

Kuna alama moja inayojificha sana: ile inayokatwa kwa makosa ya hijai na sarufi baada ya jibu kukubaliwa. Iandikie safu yake peke yake. Katika ufahamu, mtahiniwa wetu alipoteza 4, na 2 kati ya hizo zilikatwa kwa hijai. Majibu yenyewe yalikuwa sahihi. Asipozitenga atadhani haelewi vifungu, aanze kusoma vifungu vingi zaidi, na kumbe shida yake ni kuandika "r" mahali pa "l".

Najua baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi mtindo huu, wanasema unavunja moyo. Wana haki kwa mtahiniwa mmoja: yule mwenye 20 kati ya 80. Kumwonyesha alama 60 zilizopotea hakumsaidii kuchagua pa kuanzia, kwa sababu zimepotea kila mahali. Huyo ahesabu anachopata kwanza. Tena usiutumie mtindo huu kwa Insha kama unavyoutumia hapa. Kila insha ina alama 20, na ni nadra mtu kuzipata zote, kwa hiyo sehemu ya alama zinazopotea kule hairudi hata ukifanya nini. Katika sarufi jibu sahihi lipo na alama yake yote inapatikana.

Tuseme mwigo wa pili umefanywa. Mtahiniwa amepoteza 5 katika ufahamu, 4 katika ufupisho, 9 katika matumizi ya lugha na 4 katika isimujamii. Jumla 22, amepata 58. Ufahamu umerudi nyuma kwa alama moja, lakini umbali uliokuwa 8 sasa ni 2. Na sasa ndipo zamu ya isimujamii inafika. Akiipasua ile 4 anakuta kwamba 2 zilipotea kwa kutaja sifa za sajili bila kutoa mfano kutoka katika mazungumzo aliyopewa, ilhali swali lilisema "kwa kutoa mifano".