Askari Hewa na Tarehe Isiyoandikwa

Tarehe 30 Novemba 2014 Waziri Mkuu wa Iraki, Haidar al-Abadi, aliliarifu Bunge la nchi yake kwamba wamegunduliwa askari 50,000 wanaolipwa mishahara ilhali hawapo. Hapana shaka wasomaji wetu wanakumbuka kwamba mwezi Juni mwaka huohuo mji wa Mosul ulikuwa umekwisha kuanguka mikononi mwa kundi lililokuwa dogo mno kuliko jeshi lililoandikwa katika vitabu vya serikali.

Jirani zetu wa Kongo nao waliyaonja hayo. Mishahara ilipitia mikononi mwa makamanda, na kamanda ndiye aliyetaja idadi ya watu wake. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliofika huko mwaka 2005 ulisaidia kuitenga njia ya malipo na njia ya amri, na kuwahesabu askari mmoja mmoja.

Sisi twaona kwamba chanzo cha uovu huo ni kuipokea idadi kwa kuambiwa badala ya kuihesabu kutoka katika tarehe. Kila askari ana tarehe mbili: ya kuandikishwa na ya kuondoka. Anayetaka kujua nguvu ya kikosi mwisho wa siku fulani, na amhesabu kila aliyeandikishwa siku hiyo au kabla yake, ambaye nafasi ya tarehe yake ya kuondoka ni tupu, au ina tarehe iliyo baada ya siku hiyo. Hesabu hiyo yaweza kufanywa kwa siku yoyote iliyopita.

Tuseme kuna makao ya polisi ya wilaya yenye idara mbili. Idara ya Trafiki ilianza mwaka na watu 40. Wakaondoka 6, wakaingia 4, ikamaliza na 38. Idara ya Upelelezi ilianza na 20. Wakaondoka 5, wakaingia 5, ikamaliza na 20. Mkubwa atazamaye idadi peke yake ataihurumia Trafiki, na kuisifu Upelelezi kuwa imetulia.

Lakini tugawe walioondoka kwa wastani wa idadi ya mwanzo na ya mwisho. Trafiki ni 6 kwa 39, yaani asilimia 15 hivi. Upelelezi ni 5 kwa 20, yaani asilimia 25. Robo ya wapelelezi imekwenda na mafaili yao vichwani, wala idadi haikutikisika. Tena tukitoa tarehe ya kuingia katika ile ya kuondoka, huenda tukakuta kwamba watatu kati ya hao watano hawakutimiza hata mwaka. Hapo tatizo si uzee wala kustaafu. Kuna jambo linalowafukuza wageni katika idara hiyo.

Makosa huingia kwa mlango wa uhamisho. Koplo akihamishwa kutoka Trafiki kwenda Upelelezi mwezi Julai, na karani akafuta jina la idara ya zamani na kuandika jipya, basi hesabu ya Machi itamwonyesha Upelelezi, mahali ambapo hakuwapo. Dawa yake ni kila zamu ya kazi iwe na mstari wake, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, chini ya namba ileile ya askari. Uhamisho huo utahesabiwa kuwa kutoka kwa idara, wala si kutoka kwa jeshi la polisi. Mizani yake ni hii: waliokuwapo mwanzo, kujumlisha walioingia, kutoa waliotoka, iwe sawa na waliopo mwisho. Ikipungua au kuzidi hata kwa mtu mmoja, kuna tarehe iliyokosewa.

Sasa turudi kwa askari hewa. Yeye haonekani kwa idadi kubwa, kwani idadi kubwa hupendeza macho ya wakuu. Huonekana pale ambapo hakuna anayeondoka. Batalioni iliyokaa vitani miaka miwili, yenye majeruhi, watoro na makaburi, ikileta taarifa isiyo na tarehe hata moja ya kuondoka, imejieleza yenyewe. Hata hivyo, hesabu hii haiwezi kumfichua aliyebuniwa tangu siku ya kuandikishwa, akapewa na tarehe zake. Huyo hunaswa kwa gwaride la uso kwa uso, kwa namba na kitambulisho.

Na wako wanaodhani kwamba nafasi hiyo ikiachwa tupu huibiwa serikali tu. Muda wa utumishi wa marehemu huhesabiwa kwa tarehe zile zile mbili. Mjane afikapo makao makuu kudai mafao, huambiwa kwamba mumewe, kwa mujibu wa kitabu, yungali kazini na mwezi jana alipokea mshahara.