Marehemu hakuwa mweupe: mafundi wa foto waache kubadili ngozi za watu

GOMA. Familia nyingi za wahami kutoka Masisi na Rutshuru zilikimbia bila kubeba foto za wazee wao. Kinachobaki ni foto ndogo ya kadi ya uchaguzi, ao ile iliyohifadhiwa katika telefone ya ndugu. Wakati wa matanga wanaipeleka studio. Fundi anaiweka katika ordinatere, anaigeuza kuwa mchoro wenye mistari na rangi chache, kisha anaichapa juu ya tishati ao bango.

Mara nyingi sura inayotoka si ya yule aliyekufa. Mama aliyekuwa mweusi sana anatoka na ngozi ya maji ya kunde. Pua yake imebanwa, midomo imepunguzwa. Familia inalipa na kunyamaza, kwa sababu inaogopa kuonekana haijui mambo ya kisasa. Jambo hilo ni baya, na halisababishwi na ukosefu wa mashine nzuri. Linasababishwa na kazi inayofanywa bila kutazama.

Tabia hii ina mizizi ya mbali. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa inatuma kwa maabara kadi ya majaribio yenye foto ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Mashine zilipangwa mpaka ngozi yake itoke vizuri. Mtu mweusi aliyepigwa foto karibu na mzungu alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Leo filamu hazitumiwi sana, lakini telefone nyingi zina kifaa cha kulainisha na kung'arisha uso, na mafundi wengi wanakifungua bila kuulizwa.

Mafundi wanajitetea kwamba mchoro si foto, kwamba lazima kurahisisha. Ni kweli. Mchoro unaweza kuwa na rangi nne tu na mistari kumi na bado ndugu zake wamtambue. Kurahisisha ni kuacha vitu vidogo. Kumpa mtu ngozi nyingine ni jambo tofauti kabisa, na halipunguzi kazi hata kidogo.

Kosa la kwanza ni mahali fundi anapochukua rangi. Wengi wanagusa paji la uso, pale flashi ilipong'aa, na rangi hiyo wanaisambaza uso mzima. Mahali pazuri ni upande wa shavu, kati ya sehemu inayong'aa na sehemu yenye kivuli. Hiyo ndiyo rangi ya msingi. Kama foto imefifia, fundi amuulize ndugu: marehemu alikuwa anafanana rangi na nani kati yenu? Ndugu huyo apigwe foto kwenye mwanga wa mchana, bila flashi, na rangi yake iwe kipimo.

Kosa la pili ni kung'arisha kwa kuongeza weupe. Tuchukue mfano wa mama mweusi ambaye rangi yake ya msingi katika ordinatere ni 84 ya wekundu, 52 ya kijani na 38 ya buluu. Wekundu unapita buluu zaidi ya mara mbili, na hapo ndipo joto la ngozi linatoka. Fundi akiongeza 40 kila upande, anapata 124, 92 na 78. Sasa wekundu unapita buluu kama mara moja na nusu tu. Ngozi imekuwa ya majivu, kama mtu mgonjwa. Kama foto ilikuwa na giza kweli, dawa ni kuzidisha namba zote tatu kwa kiasi kimoja. Akizidisha kwa 1.3 anapata karibu 109, 68 na 49. Uso umefunguka, lakini mama amebaki na ngozi yake.

Wachoraji wa rangi za kopo wanakosea vilevile. Wanatafuta kivuli kwa kutia nyeusi, na mng'ao kwa kutia nyeupe. Nyeusi ikikutana na manjano inaleta kijani kichafu. Nyeusi na nyeupe pamoja zinaleta kijivu. Kivuli cha ngozi nyeusi kinapatikana vizuri kwa kutia buluu kidogo ndani ya kahawia yenye wekundu. Mng'ao nao si ngozi iliyogeuka nyeupe. Ni mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi, na unabeba rangi ya mwanga wenyewe: nje unaelekea buluu ya mbingu, chini ya taa unaelekea manjano. Kwa mtu mweusi sana mng'ao ni mdogo na ukingo wake unaonekana wazi. Ukisambazwa uso mzima, umeshabadili mtu.

Hapa ndipo foto ya familia inamfichua fundi. Tuseme huyo mama amekaa na bwana wa maji ya kunde na mtoto mwenye ualbino. Fundi mvivu anatumia rangi moja kwa wote, ama anamfanya mtoto kuwa mzungu mwenye nywele za kulala. Mtoto mwenye ualbino ana ngozi nyeupe yenye wekundu na nywele za manjano hafifu, lakini nywele hizo zimejikunja, na pua na midomo ni ya wazazi wake. Kila mmoja anahitaji rangi yake ya msingi na kivuli chake. Kuna jaribio jepesi: mchoro na foto vigeuzwe kuwa nyeusi na nyeupe, viwekwe pamoja. Kwa vyote viwili mama awe wa giza zaidi, bwana afuate, mtoto awe wa mwisho. Kama mama na bwana wamekaribiana katika mchoro kuliko katika foto, kuna ngozi imeguswa.

Kuhusu pua, wengi wanachora mistari miwili mirefu pembeni, na pua inakuwa nyembamba papo hapo. Pua pana inaonyeshwa kwa kivuli cha chini na mabawa yake. Kipimo kipo: kwa uso unaotazama mbele, teremsha mstari kutoka pembe ya ndani ya kila jicho. Kama katika foto mabawa ya pua yanapita mistari hiyo, katika mchoro nayo yapite. Mdomo wa juu ukiwa mweusi kuliko wa chini, ubaki hivyo. Alama ya kovu na pengo la meno visifutwe bila ruhusa.

Mafundi watasema: wateja wenyewe wanaomba weupe. Mtu mzima aliye hai akiomba hivyo kwa sura yake, ni shauri lake. Lakini marehemu hakuomba. Na mtoto aliyepotea njiani wakati wa kukimbia hakuomba pia. Sura yake iliyong'arishwa ikibandikwa, mtu aliyemwona anaweza kupita bila kumtambua.

Kwa hiyo familia zisilipe kabla ya kuangalia. Ziombe kuona mchoro karibu na foto, katika mwanga wa mchana, kabla ya kuchapa, kwa sababu wino juu ya kitambaa unabadilika na tishati ya kwanza lazima itazamwe nayo. Mzee mmoja aliyemjua marehemu aitwe, aonyeshwe bila kuambiwa jina. Akiuliza "huyu ni nani?", kazi irudi mezani, na fundi airekebishe kwa gharama yake.