Simu ikizima, eSIM haichomoki

iPhone 14 na za baada yake zilizouzwa Marekani, tangu 2022, hazina kabisa tundu la laini. Ukiletewa moja Dar, utatumia eSIM, utake usitake.

Siku ya kwanza huoni tatizo: unaskani msimbo wa QR, laini inasoma, freshi. Kazi ipo siku simu imeanguka na haiwaki tena. Laini ya kadi ungeichomoa, ukaiweka kwenye kitochi cha jirani na kutoa hela yako ya M-Pesa. eSIM imehifadhiwa ndani ya simu iliyokufa, na msimbo wa QR mara nyingi hutumika mara moja tu. Inabidi uende dukani kwa mtandao wako na namba ya NIDA, uweke kidole, upewe mpya. Na simu mpya lazima ikubali eSIM: piga *#06#, kwa kawaida utaona EID.

Sasa fikiria imezima ukiwa Dubai. Unaweza kununua eSIM ya wasafiri, lakini nyingi ni bando la intaneti tu, hazina namba. Meseji ya benki yenye namba ya siri bado inakwenda kwenye laini ya nyumbani, iliyobaki ndani ya simu isiyowaka.