Roboti na Shampuu: Jasho Lililofutwa Katika Maneno

Ipo hoja inayorudiwa katika kumbi zetu za mihadhara na katika ofisi za umma kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Husemwa kwamba Kiingereza ni lugha ya uvumbuzi, kwamba vitu vipya huzaliwa ndani yake pamoja na majina yao, na kwamba lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, hazina budi kusimama mlangoni zikisubiri kugawiwa. Mifano haikosekani, na miongoni mwayo ni roboti na shampuu. Mwulize mwanafunzi yeyote yametoka wapi, naye atakujibu bila kusita: Kiingereza.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito. Kiingereza kilituletea maneno haya, lakini hakikuyazaa. La kwanza kilililichukua kwa Wacheki, la pili kwa Wahindi. Kukopa si dhambi. Kila lugha hukopa. Ninacholalamikia ni kile kilichopotea njiani. Maneno yote mawili yalianza yakiwa na mtu ndani yake, mtu afanyaye kazi kwa amri ya mwingine. Yalipotufikia, kazi ilibaki, mtu akawa ametoweka.

Tuanze na roboti. Katika Kicheki, *robota* ilikuwa kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia kabaila mwenye ardhi bila ujira. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hilo: shokoa. Mkulima wa Bohemia alilima kipande chake, lakini siku kadhaa za kila juma hazikuwa zake. Alikwenda na jembe lake, na kama alikuwa na farasi au ng'ombe wa kukokota, alikwenda nao pia, akalima na kuvuna shamba la bwana huku mazao yake mwenyewe yakimngojea au yakinyeshewa. Mwaka 1775 wakulima waliasi. Jeshi liliwazima, lakini mwaka huohuo Malkia Maria Theresia alitoa amri iliyoweka kikomo: shokoa isizidi siku tatu kwa juma. Msomaji apime mwenyewe. Nusu ya siku za kazi za mwanadamu kuchukuliwa bure, na hiyo ndiyo iliyoitwa nafuu.

Mwaka 1781 mwanawe, Yosefu wa Pili, aliwaruhusu wakulima kuoa, kuhama na kujifunza ufundi bila idhini ya bwana. Shokoa yenyewe ilibaki. Ilifutwa mwaka 1848 tu, katika mwaka wa mapinduzi, na hata hapo makabaila walilipwa fidia, ambayo sehemu yake ilitoka mifukoni mwa wakulima. Aliyetumikishwa alimlipa aliyemtumikisha ili aache kumtumikisha.

Sasa tusogee hadi mwaka 1920. Mwandishi Karel Čapek alikuwa na wazo la tamthilia kuhusu kiwanda kinachotengeneza watumishi bandia, na hakujua awaiteje. Yeye mwenyewe alisimulia mwaka 1933 kwamba alifikiria kulinyambua jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kazi, akaliona ni la kivitabuvitabu mno. Akamwendea kaka yake, Josef, aliyekuwa mchoraji. Josef, akiwa anaendelea na picha yake na brashi ikiwa mdomoni, alimwambia awaite tu maroboti. Ndivyo neno lilivyopatikana. Mwaka 1921 tamthilia hiyo, *R.U.R.*, ilioneshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonesho mjini Praha.

Msikilizaji wa Praha jioni ile hakuhitaji kamusi. Babu zake walikuwa wamefanya *robota*. Aliposikia jina la viumbe wale alisikia, kwa ufupi, watu wa shokoa. Na viumbe wenyewe hawakuwa mitambo ya chuma yenye taa machoni, kama tunavyoyachora maroboti leo. Katika tamthilia wameumbwa kwa nyama bandia: ini na ubongo hukorogwa katika mapipa, neva husokotwa kama nyuzi kiwandani. Wanafanana na binadamu kiasi cha kumchanganya mgeni. Kinachowatofautisha ni kwamba mhandisi aliyewabuni aliondoa kila kitu kisichohitajika kazini. Furaha ya kutembea bila sababu haizalishi chochote, basi iondolewe. Hamu ya kupiga fidla haizalishi, nayo iondolewe. Anayebaki baada ya hesabu hiyo ni mfanyakazi wa bei nafuu kuliko wote.

Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya roboti. Hakuwa mashine iliyofanywa ifanane na mtu. Alikuwa mtu aliyepunguzwa hadi akabaki nguvu kazi. Wafanyakazi hao waliasi na kuwaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, Alquist, mjenzi. Walimwacha hai kwa sababu alifanya kazi kwa mikono yake kama wao. Tamthilia hii ilizungumza juu ya umiliki wa kazi, na aliyeitazama akiogopa vyuma tu alikuwa ameikosa.

Kisha ikavuka bahari. Ilioneshwa New York mwaka 1922 na London mwaka uliofuata. Wafasiri waliliacha neno kama lilivyo, na hapo ndipo jambo la ajabu likatokea: neno lilihifadhiwa herufi zake, likapoteza kumbukumbu yake. Masikioni mwa Mwingereza, *roboti* lilikuwa jina jipya, geni, la kuvutia, kama jina la bidhaa. Halikumkumbusha shamba la bwana wala siku tatu za juma. Polepole likahama kutoka kwa kiumbe wa nyama hadi kwenye mtambo wa chuma, na leo nchini Afrika Kusini ni jina la kawaida la taa za barabarani. Mtumwa amegeuka taa.

Naye Josef Čapek, aliyelitoa neno hilo? Wanazi walimkamata mwaka 1939. Alipitishwa katika kambi moja baada ya nyingine, akafa Bergen-Belsen mwaka 1945. Kambi hizo ziliwatumikisha watu hadi kufa.

Tugeukie shampuu, ambayo historia yake ni ya upole zaidi lakini imekwenda njia ileile. Katika Kihindi kuna kitenzi *champna*, maana yake kubonyeza na kukanda. Kiswahili kinakifasiri bila taabu, kwa kuwa nasi hukanda unga na hukanda mwili uliochoka kwa neno lilelile. Sura iliyoingia katika Kiingereza ni *champo*, nayo si jina la kitu. Ni amri: kanda! Waingereza wa karne ya 18 waliokuwa India waliisikia ikielekezwa kwa mtumishi au kinyozi aliyeitwa kuwanyoosha viungo, wakaibeba amri nzima na kuigeuza kitenzi chao. Katika maandishi yao neno hili linaonekana kuanzia mwaka 1762, na kwa takribani miaka mia moja halikuwa na uhusiano wowote na povu wala nywele. Kufanyiwa shampuu kulikuwa kukandwa mwili.

Aliyelipa neno hilo umaarufu Uingereza alikuwa Mhindi, Sheikh Din Muhammad, ambaye Waingereza waliandika jina lake Sake Dean Mahomed. Alizaliwa Patna mwaka 1759, akalifuata jeshi la Kampuni ya Uhindi ya Mashariki akiwa bado mtoto, kisha akahamia Ireland. Mwaka 1794 alichapisha kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza kuandikwa na kuchapishwa na Mhindi kwa Kiingereza. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi London, biashara ikafilisika. Akahamia Brighton, mji wa pwani uliopendwa na matajiri, akafungua nyumba ya kuogea kwa mvuke.

Tiba yake ilikuwa hivi. Mgonjwa aliketi ndani ya hema dogo la kitambaa cha sufu lililojazwa mvuke wenye harufu ya mitishamba. Hema hilo lilikuwa na mikono iliyoshonwa kama ya shati. Alipokwisha kutoka jasho vya kutosha, mkandaji aliyesimama nje aliingiza mikono yake katika mikono ya hema na kuanza kumkanda. Watu wenye baridi yabisi na maumivu ya viungo walimiminika. Mfalme George wa Nne alimteua kuwa tabibu wake wa shampuu, cheo ambacho leo kingechekesha, lakini wakati ule kilieleweka vizuri kabisa: tabibu wa kukanda.

Muhammad alifariki mwaka 1851. Katika miaka iliyofuata neno likapanda kutoka mwilini hadi kichwani. Likawa kukanda ngozi ya kichwa pamoja na sabuni, kisha kuosha nywele, kisha sabuni yenyewe. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf wa Berlin alianza kuuza unga wa kuoshea nywele katika pakiti, na mteja akaweza kujiosha nyumbani bila mtu mwingine. Amri iliyokuwa ikimwita mkandaji sasa ilimaanisha kitu kilichomfanya asihitajike.

Najua nitakachojibiwa. Maneno hubadilika maana, na hakuna aliyekaa kikao kuamua kuwafuta wakulima wa Bohemia au mkandaji wa Patna. Ni kweli, wala sidai kuna njama. Lakini mto nao hauna nia, na bado una mwelekeo. Maneno haya mawili yalitoka kwa wenye kutumikishwa, yakapita katika lugha ya wenye kununua, na kila moja likaishia kuwa jina la bidhaa. Mnunuzi hulijua zao. Hana haja ya kujua mkono. Anayelipokea neno kutoka kwa mnunuzi pekee hupokea na usahaulifu wake.

Kwa hiyo kosa la kusema roboti ni neno la Kiingereza si kosa dogo la kitaaluma. Linampa mchuuzi heshima ya mkulima. Nasi tunaolisema tuna sababu ndogo kuliko wengine ya kulisema, kwa maana Kiswahili kimeonesha kwamba neno la kukopa laweza kwenda upande wa pili. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua wa mkataba alitambuliwa kwa namba. Watu walilichukua neno hilo la Kiingereza, neno la daftari la mwajiri, wakalitia ngeli ya wingi: manamba. Hapo namba ikawa jina la watu, na kila anayelisikia hadi leo huona migongo iliyoinama juani. Kiingereza kilimkopa mtu kikamfanya kifaa. Sisi tulikopa hesabu tukaifanya ishuhudie.

Basi watunga istilahi wetu wanapoandika asili ya neno, wasiishie bandarini liliposhushwa. Waandike lilikolimwa, na nani alililima.