Fundi wa alizeti na bajeti ya Juni
Kijana wa Utemini, Singida, anayeendesha mashine ya kukamua alizeti asipange maisha kwa kudhani soko litabaki hivi lilivyo. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula yanayoagizwa nje hadi asilimia 25, na yaliyosafishwa hadi 35; uamuzi wa Dodoma ukawagusa wakamuaji wa Singida. Basi azione hali tatu: ushuru ubaki juu, ushuke na mawese ya nje yajae madukani, au viwanda vikubwa vinunue mbegu zote. Ya kwanza inadai ajue kuchuja mafuta vizuri. Ya pili ndiyo ngumu: mafuta yakikosa bei, mashudu bado yana mfugaji wa kuku, kwa hiyo ajifunze kuchanganya chakula cha mifugo. Ya tatu inamtaka awe fundi wa kuajiriwa, mwenye cheti cha VETA cha umeme au mitambo. Wapo watakaosema huko ni kupiga ramli. Hapana, dalili zinaonekana: hotuba ya bajeti kila Juni, na bei ya gunia baada ya mavuno. Aanze na cheti, maana kinafaa katika hali zote tatu.