Mchumba Anataka Tarehe ya Kuzaliwa ya Baba Kabla ya Kubisha Hodi

Wiki hii nimepokea ujumbe wa dada mmoja, naye ameniruhusu nijibu hapa bila kutaja jina. Ameandika hivi:

"Mchungaji, nina umri wa miaka 28. Mchumba wangu ni mtu mzuri, anafanya kazi, na tumekuwa pamoja mwaka na nusu. Tulikubaliana aje nyumbani Desemba awajue wazazi. Sasa anasema hawezi kuja mpaka nimpe tarehe za kuzaliwa za baba, mama na ndugu zangu, aziweke kwenye apu ya nyota aone kama tunapatana. Yeye alizaliwa tarehe 10 Novemba, anasema ni Nge. Mimi ni wa tarehe 5 Agosti, ananiita Simba. Nilimpa tarehe ya baba ilivyo kwenye kitambulisho, 1 Januari 1961. Akaniambia baba ni Mbuzi, na watu wa Mbuzi ni wagumu, huenda akamkataa. Nifanye nini?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza mapema. Nianze na hiyo tarehe ya baba yako.

Wazee wengi wa rika lake walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, bila cheti. Walipokwenda kuchukua kitambulisho, mzee alijua mwaka tu, na mara nyingi fomu ikajazwa 1 Januari ili kazi iendelee. Ndiyo maana ukikusanya vitambulisho vya wazee wa kijiji kimoja, utashangaa walivyozaliwa wengi siku ya mwaka mpya. Kwa hiyo muulize nyanya yako, au shangazi mkubwa, baba alizaliwa wakati gani. Tuseme akujibu kwamba alizaliwa wakati wa ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Mvua hiyo inajulikana. Ni mafuriko ya mwisho wa 1961, Oktoba hadi Desemba. Basi baba yako hakuzaliwa Januari. Kama ilikuwa mapema Novemba, kwa hesabu ya apu yeye ni Nge, sawasawa na mchumba wako. Kama ni mapema Desemba, ni Mshale. Umeona? Ule ugumu aliobandikwa mzee wako umetokana na tarehe iliyojazwa kwenye fomu.

Labda mchumba wako atasema, "Sawa, lakini mimi na wewe tuna vyeti, tarehe zetu ni za kweli." Hapo napo kuna jambo analopaswa kulijua. Kusema mtu ni Nge maana yake, zamani, ilikuwa kwamba siku aliyozaliwa jua lilionekana mbele ya kundi la nyota liitwalo Nge. Hesabu hiyo ilipangwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tangu hapo dunia imekuwa ikiyumba polepole sana, kama pia inayozunguka, na mahali pa jua kati ya nyota pamesogea karibu kundi zima. Siku hizi, tarehe 10 Novemba jua liko mbele ya nyota za Mizani. Tarehe 5 Agosti liko mbele ya nyota za Kaa. Kwa hiyo ukiangalia mbingu zenyewe alizoumba Mungu, wewe si Simba wala yeye si Nge. Wanajimu wanalijua jambo hili. Wengi wao hujibu kwamba wanahesabu kwa majira ya mwaka, kuanzia mwezi Machi, na hawafuati nyota zilipo. Wakishasema hivyo, wamekubali kwamba ile nyota anayokutisha nayo haiko pale.

Na je, wanajimu wanaweza kumjua mtu kwa tarehe yake? Walijaribiwa. Mwaka 1985 mwanasayansi Shawn Carlson wa California alichapisha matokeo ya jaribio lake katika jarida la Nature. Wanajimu walipewa hesabu ya kuzaliwa ya mtu, pamoja na maelezo ya tabia ya watu watatu, mmoja wao akiwa mwenyewe. Walitakiwa wamtambue. Walipata takriban mara moja katika kila tatu. Hiyo ni sawa na mtu anayechagua akiwa amefumba macho.

Neno la Mungu limesema wazi. Soma Isaya 47:13-14, uone Bwana anavyowaambia watu wa Babeli wawaite watazama nyota wao wawaokoe, na jinsi anavyowafananisha na mabua makavu mbele ya moto. Kuna mtu ataniuliza kuhusu mamajusi. Soma Mathayo 2 polepole: nyota ile iliwaleta kwa Mtoto, wakasujudu. Hakuna aliyeitumia kuchagua mchumba wala kukataa mkwe.

Lakini dada, usiende kwake na haya yote kama rungu. Mimi naona nyuma ya hiyo apu kuna hofu. Kijana anaogopa kusimama mbele ya baba yako na kuulizwa anatoka wapi na ana nini mkononi. Mketishe mahali tulivu, umuulize swali moja: "Apu ikisema hapana, utafanya nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Akicheka na kukubali kwamba ana wasiwasi tu, mna la kuzungumza, na mimi niko tayari kukaa nanyi wawili. Akisema atavunja uchumba, amini jibu lake. Leo apu itakataa baba yako, kesho itakataa mtoto aliyezaliwa mwezi usiotakiwa. Wala usimpe tarehe za uongo ili mambo yapite. Ndoa ikianza kwa uongo, utaulinda uongo huo maisha yako yote.

Kama anataka kuchunguza kabla ya kubisha hodi, mwambie kuchunguza ni vizuri, na mwende hospitali pamoja. Pimeni virusi vya ukimwi. Pimeni pia selimundu, ambayo wengi huita sikoseli, hasa kama kwenu ni magharibi mwa Kenya au Pwani. Mtu anaweza kubeba chembe hiyo bila kuugua hata siku moja. Lakini nyote wawili mkiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hayo ndiyo mapatano ya kuulizia, na yanaonekana kwenye damu.

Halafu msome Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alikuwa na ngamia kumi wenye kiu, akaomba apate msichana atakayempa maji yeye na kuwanywesha ngamia pia. Rebeka akateka mpaka wote wakatosheka. Hiyo ni kazi ya kuumiza mgongo! Ishara aliyoiomba ilikuwa tabia, nayo ilionekana kisimani kabla hajafika kwa wazazi. Nawe mtazame mchumba wako: anamsemeshaje mhudumu wa hoteli? Deni la rafiki analipa? Akikasirika anafanya nini? Naye akutazame vivyo hivyo.

Kisha aje Desemba. Baba yako amkaribishe, amtazame usoni, amuulize maswali yake. Mzee huyo hajulikani kwa tarehe. Atajulikana mkiketi naye.

Bwana awape hekima nyote wawili. Kama una neno kwa dada huyu, mwandikie hapa chini kwa upendo, bila kumcheka. Amina.